Heshima ya barua pepe haimo katika 'taadhima'

NINA mbele yangu barua pepe ambayo mwombaji mmoja wa kibali cha ujenzi aliiandikia idara ya mipango ya ardhi ya kaunti yake. Ameniruhusu kuihakiki mradi nisimtaje yeye wala kaunti yenyewe. Mafundi wanamsubiri, mkopo wa chama unazaa riba, na jibu hajapata. Aliandika hivi:

"Mpendwa Mheshimiwa, natumai barua hii inakupata ukiwa mzima. Kwa heshima na taadhima kubwa, ninaandika kukufuatilia kuhusu hali ya ombi langu. Mbona hamjanijibu hadi sasa? Tafadhali nijibu haraka iwezekanavyo. Nakushukuru mapema."

Msomaji atasema, jamani, si ana adabu huyu! Maneno ya heshima yamejaa tele. Tatizo ni kwamba vitenzi vyake vinayakana maneno hayo.

Ufunguzi nitaupitia upesi. Ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Isitoshe, nchini Kenya 'Mheshimiwa' tumezoea kumwita mbunge au diwani; afisa wa mipango akiitwa hivyo huenda akadhani anakejeliwa. 'Bwana/Bi' inatosha.

Uzito uko kwenye 'kukufuatilia'. Katika Kiswahili, mtu hufuatilia jambo: kesi, malipo, ombi. Ukikitia kitenzi hicho kiambishi -ku-, anayefuatiliwa si ombi tena bali ni afisa mwenyewe, na binadamu anayefuatiliwa kwa kawaida ni mshukiwa. Mwandishi alikusudia kuuliza, akatoka kana kwamba anamwandama mtu.

Kisha kuna 'mbona hamjanijibu'. Neno 'mbona' hubeba lawama hata likitamkwa kwa upole. Linganisha na 'sijapata jibu'. Ukweli ni uleule, ila nafsi imehama: katika kauli ya kwanza wao ndio wenye kosa, katika ya pili mimi ndimi mwenye haja. Huenda jibu lilitumwa likapotea, au faili iko kwa mhandisi wa ofisi nyingine. 'Sijapata jibu' inaiachia ofisi nafasi ya kujieleza.

Na 'tafadhali nijibu'? Hiyo bado ni amri. 'Tafadhali' huilainisha tu. Ombi la Kiswahili hujengwa kwa 'naomba' pamoja na kitenzi chenye kiishio -e: 'naomba mnijulishe'. Nasisitiza 'mnijulishe' kwa wingi, maana anayeandikiwa ni ofisi. Mwandishi wetu ameyumba kati ya 'kukufuatilia' na 'hamjanijibu', hata hatujui anazungumza na nani. (Wapo wanaopendelea 'ningependa kujua'. Siipingi, ila inaeleza hamu ya mwandishi bila kumwomba afisa afanye chochote.)

Kubwa zaidi, barua nzima haina namba ya ombi, namba ya ploti wala tarehe. Afisa akitaka kusaidia, aanzie wapi? Kumpunguzia mtu kazi ya kutafuta ni heshima pia. Ningeiandika hivi:

"KUH: OMBI LA KIBALI CHA UJENZI NAMBA ..., PLOTI NAMBA ...

Bwana/Bi,

Niliwasilisha ombi lililotajwa hapo juu tarehe 3 Machi, na nikalipa ada siku hiyohiyo. Stakabadhi nimeiambatisha. Kufikia leo, tarehe 14 Aprili, sijapata jibu. Naomba mnijulishe ombi limefikia hatua gani, na iwapo kuna hati inayokosekana ili niilete.

Wako mwaminifu,"

Halafu jina kamili na namba ya simu.

Tarehe hizo si pambo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema mwombaji asiyepata jibu la maandishi katika siku 60 atachukuliwa kuwa amepewa ruhusa. Kwa mfano wetu, siku hizo zinatimia tarehe 2 Mei. Sikukitaja kifungu hicho kwa sababu barua ya kwanza inayotaja sheria husomwa kama tishio. Afisa anayeijua kazi yake ataziona tarehe na kuhesabu mwenyewe. Mwombaji naye asikimbilie kuchimba msingi kwa kutegemea kimya hicho. Apate kwanza ushauri wa mtaalamu.

Wengine huniuliza kama barua ya Kiswahili haitarudishwa. Kipengele cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi la habari liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, huku afisa akitakiwa kuamua katika muda usiozidi siku 21. Barua ya pili, kimya kikiendelea, ndiyo inayoweza kuitaja sheria hiyo kwa jina, na hata hapo kitenzi kibaki 'naomba'.