Kazi Mbali, Amri Mbali

Bakteria E. coli hujitengenezea CTP, moja ya malighafi nne ambazo chembe hai huundia RNA. Njia ya kuifikia ina hatua kadhaa, na mlangoni mwake yupo mfanyakazi mmoja: kimeng'enya kiitwacho transkabamoilesi ya aspateti. Kazi yake ni kuunganisha kabamoili fosfeti na aspateti. Kinachotoka hapo hakina matumizi mengine ila kuendelea mbele hadi kuwa UTP, kisha CTP. Mwaka 1956, Richard Yates na Arthur Pardee wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, walionyesha kwamba zao la mwisho la njia hii hurudi nyuma na kukizuia kimeng'enya cha mlangoni. CTP ikijaa, kazi hupungua. Ikitumika, kazi hurudi. Huu ndio uzuiaji wa mrejesho.

Kuliona jambo hili ni kitu kimoja. Kujua linavyofanyika ni kitu kingine. Kazi hiyo ya pili ilimwangukia John Gerhart, mwanafunzi wa Pardee. Alivyoifanya, na alivyoiendeleza baadaye pamoja na Howard Schachman, ni ufundi unaostahili kutazamwa polepole, hatua kwa hatua.

Kwanza ni kupata kimeng'enya chenyewe, na kwa wingi. Bakteria wa kawaida wanacho kidogo. Kwa hiyo huchukuliwa bakteria wa aina isiyoweza kujitengenezea urasili, wakalishwa urasili kidogo mpaka ikaisha. Wakiikosa, huongeza vimeng'enya vya njia ile, kwa kuwa hakuna zao la kuwaambia wapunguze. Ndipo hupasuliwa, na protini ikasafishwa hatua baada ya hatua.

Kisha ni kupima. Fundi hupanga mirija kadhaa yenye kabamoili fosfeti ya kutosha, na katika kila mrija huongeza aspateti zaidi kidogo kuliko katika uliotangulia. Hutia kimeng'enya, hungoja muda uleule kwa kila mrija, kisha husimamisha kazi kwa asidi. Zao huonekana kwa kulipika na kemikali zinazotoa rangi ya manjano, na ukolezi wa rangi husomwa kwa kipimamwanga. Kuna mtego hapa: kabamoili fosfeti haidumu ndani ya maji. Huvunjika yenyewe, hivyo huyeyushwa siku ileile na kuwekwa kwenye barafu. Aliyetumia ya jana ataona kasi imeshuka na kudhani kimeng'enya chake kimechoka, kumbe kimekosa malighafi.

Akichora vipimo vyake vizuri, mchoro hautoki kama ule wa vimeng'enya vingi, unaopanda haraka tangu mwanzo na kulala juu. Huu hupanda kwa kusitasita, kisha ghafla kwa kasi, ndipo hulala; umbo lake ni kama la herufi S. Aspateti kidogo haifanyi kitu kikubwa, lakini ikizidi kiwango fulani kila nyongeza ndogo huleta kazi nyingi. Akiongeza CTP, herufi hiyo husogea kulia: sasa aspateti nyingi zaidi inahitajika ili kupata kasi ileile. Akiongeza ATP, husogea kushoto. Na aspateti ikiwa nyingi mno, michoro yote mitatu hukutana juu, kwenye kasi ileile ya mwisho.

Ukiangalia hapo tu, utasema CTP na aspateti zinagombania kiti kimoja, kwa kuwa aspateti ikizidi CTP hushindwa. Hivyo ndivyo vizuizi vingi vilivyojulikana wakati ule vilivyofanya kazi. Ila CTP haifanani na aspateti hata kidogo. Gerhart na Pardee hawakuridhika na maelezo mepesi, na jaribio walilolitoa mwaka 1962 ni la kustaajabisha kwa uwazi wake. Walikipasha kimeng'enya moto kwa kiasi, au walikitia chumvi za zebaki, kisha wakapima tena. Kazi haikupotea. Kilichopotea ni usikivu: CTP iliongezwa na kimeng'enya hakikujali. Mchoro nao haukuwa tena herufi S. Kama viti vingekuwa kimoja, kukiharibu kwa mmoja kungekuwa kukiharibu kwa mwingine. Basi CTP ina kiti chake mahali pengine.

Mwaka 1965 Gerhart na Schachman walikwenda mbali zaidi: walitenganisha kazi na amri kwa mikono yao. Schachman alikuwa bingwa wa sentrifuji ya kasi kubwa, mashine inayozungusha protini iliyoyeyushwa mpaka molekuli zianze kushuka, kila moja kwa mwendo unaotegemea uzito na umbo lake. Kimeng'enya kizima hushuka kama mstari mmoja, kwa mwendo wa vizio 11.6 vya Svedberg. Wakatia kiwanja cha zebaki, wakazungusha tena. Mstari ule ukatoweka, na mahali pake ikatokea miwili: mmoja wa 5.8, mwingine wa 2.8. Molekuli ilikuwa imeachana bila kuharibika.

Walivitenga vipande hivyo na kukijaribu kila kimoja peke yake. Kikubwa kilifanya kazi yote ya kuunganisha, lakini hakikuisikia CTP. Kidogo kiliishika CTP, lakini hakikuweza kuunganisha chochote. Na hapa ndipo ninapoliona jicho la fundi wa kweli, maana mtu angeweza kusema zebaki imeunda vitu vipya visivyokuwemo. Wakaiondoa zebaki, wakachanganya vipande, na molekuli ikajijenga upya. Ikashuka tena kama kizima, ikaisikia tena CTP, mchoro wake ukawa tena herufi S. Aliyekivunja kitu anajua kinavunjika wapi. Aliyekirudisha kikafanya kazi anajua kimeundwa na nini.

Baadaye hesabu kamili ilikaa sawa. Minyororo ya kazi ni sita, imepangwa kwa makundi mawili ya mitatu mitatu, kundi moja juu ya jingine. Minyororo ya amri nayo ni sita, imeungana miwili miwili katika jozi tatu zinazoshikilia makundi hayo kwa pembeni. Kila mnyororo wa amri una atomi moja ya zinki, iliyoshikwa na sisteini nne karibu na mahali unapogusana na mnyororo wa kazi. Zebaki huzipenda sana sisteini. Huziteka, zinki hutoka, na mshiko hulegea. Ndiyo sababu zebaki ilitenganisha vipande bila kuvipasua vyenyewe.

Likabaki swali gumu zaidi. Ikiwa kiti cha CTP ni kingine, habari hufikaje kwenye kiti cha kazi? Mwaka 1965 huohuo Jacques Monod, Jeffries Wyman na Jean-Pierre Changeux walipendekeza kwamba protini za aina hii zina hali mbili, ya kukaza na ya kulegea, na kwamba minyororo yote hubadilika pamoja. Kikiwa kimekaza, kimeng'enya huishika aspateti kwa shida. Kikiwa kimelegea, huishika kwa urahisi.

Gerhart na Schachman walilitafuta badiliko hilo kwa sentrifuji ileile. Badala ya aspateti walitumia suksineti, ambayo hukaa kwenye kiti cha aspateti lakini haina kundi la amino la kuunganishwa, kwa hiyo kazi haisongi na molekuli hubaki katika hali yake ya kazi muda wa kutosha kupimwa. Walipoiweka pamoja na kabamoili fosfeti, mwendo wa kushuka ulipungua kwa asilimia 3.6 hivi. Uzito haukuwa umebadilika kiasi cha kueleza hilo. Umbo ndilo lililobadilika. Mwavuli uliofunguliwa hushuka polepole kuliko uliofungwa, ingawa ni mwavuli uleule. Molekuli ilikuwa imetanuka. Tofauti ya asilimia 3.6 ni ndogo kiasi kwamba joto lisilotulia linaweza kuimeza au kuizua, na ndiyo maana maabara ya Schachman ilikuza mbinu ya kuzungusha sampuli mbili pamoja katika mashine moja: kosa likitokea, linazipata zote mbili sawa, na tofauti inayobaki ni ya molekuli zenyewe.

William Lipscomb na wenzake huko Harvard walitumia miaka mingi kukuza fuwele za kimeng'enya hiki na kuzipiga eksirei, zikiwa katika hali zote mbili. Kwa hali ya kulegea walitumia PALA, molekuli iliyobuniwa ifanane na kabamoili fosfeti na aspateti zikiwa zimekwisha kukutana. Picha zilionyesha makundi mawili ya kazi yakiachana kwa takriban nanomita 1.1 na kuzunguka kidogo, huku jozi za amri zikizunguka kwa digrii 15 hivi. Kiti cha CTP kiko nanomita 6 hivi kutoka kiti cha kazi kilicho karibu. Viti hivyo havigusani kabisa; molekuli nzima ndiyo inayopeleka habari.

PALA yenyewe ilitoa ushahidi mzuri. Ni kizuizi kikali, lakini aspateti ikiwa kidogo, dozi ndogo ya PALA huongeza kasi. Sababu ni kwamba PALA ikikalia kiti kimoja, huilegeza molekuli nzima, na viti vitano vilivyobaki hupata nguvu. Dozi ikizidi, viti hujaa na kazi husimama.

Sasa CTP inaeleweka. Bila chochote kilichoshikwa, kwa kila molekuli moja iliyolegea kuna takriban 250 zilizokaza. CTP huipeleka idadi hiyo kwenye 1,250 hivi. ATP huishusha hadi 70 hivi. Kwa hiyo CTP haifungi kiti wala haiharibu kitu. Huegemeza mizani upande wa kukaza, na aspateti ya kutosha bado inaweza kuirudisha. Ndiyo maana michoro ile mitatu hukutana juu.

Ufundi huu ni wa E. coli, si wa viumbe vyote. Kwa binadamu, kidhibiti kiko hatua moja nyuma, kwa kimeng'enya kinachotengeneza kabamoili fosfeti. Na bakteria Bacillus subtilis ana transkabamoilesi yenye minyororo mitatu ya kazi tu, bila minyororo ya amri. Mchoro wake si herufi S, na CTP haiizuii. Vivyo hivyo ndivyo kilivyofanya kile kipande cha 5.8 alichokitenga Gerhart kwa zebaki: kilibaki na kazi yake yote, kikakosa wa kukiambia lini ipungue.