Swali la insha lenye uzito: msisimko wa mwanamichezo

Ukitaka kujua kama swali la saikolojia ya michezo limetungwa vizuri, futa habari za mchezaji, kisha ujaribu kulijibu. Likijibika vilevile, mchezaji aliwekwa kwa pambo tu. "Eleza nadharia ya U iliyopinduliwa" hupima kumbukumbu, na mwanafunzi wa kidato cha sita anastahili kupimwa zaidi ya hapo.

Tazama hili, la alama 15. Katika robo ya tatu, mchezaji wa mpira wa kikapu, moyo ukimwenda mbio, anafunga mitupo huru yote miwili. Sekunde za mwisho timu yake iko nyuma kwa pointi moja. Moyo unamwenda mbio vilevile, ila sasa anawaza atakavyolaumiwa. Mtupo wa kwanza haugusi hata pete. Kocha anaomba mapumziko, moyo unatulia kidogo, lakini mtupo wa pili nao unapotea. Tathmini nadharia mbili za msisimko kwa kutumia tukio hili.

Uzuri wake uko kwenye neno "vilevile". Msisimko wa mwili ni uleule mara zote mbili. Kilichoongezeka ni wasiwasi wa akili. U iliyopinduliwa, inayotokana na kazi ya Yerkes na Dodson ya 1908, inahusisha kiwango cha uchezaji na msisimko peke yake, kwa hiyo tofauti hii inaishinda. Nadharia ya poromoko ya Hardy na Fazey, ya 1987, inaigusa moja kwa moja: wasiwasi wa akili ukiwa juu, msisimko ukizidi kidogo tu, kiwango cha uchezaji huanguka ghafla. Mapumziko nayo yana kazi yake. Kwa nadharia hiyo, aliyeporomoka harudi kwa kupunguza msisimko kidogo. Lazima ushuke sana ndipo ajijenge upya.

Jibu la mfano lisianze kwa aya ya fasili. Hapo ndipo mengi hudhoofika: nusu ukurasa wa maana ya msisimko, kisha "kwa mfano, mchezaji huyu" mwishoni. Sentensi yenye alama ni kama hii: "Kwa kuwa moyo ulimwenda mbio pia alipofunga, msisimko wa mwili hautoshi kueleza kukosa kwake." Hapo maarifa, tukio na hoja vimeshikana. Anayechanganya msisimko na wasiwasi hawezi kuiandika, na msahihishaji atamtambua papo hapo.

Mimi hukagua zaidi tathmini. "Nadharia hii ina udhaifu" haistahili alama mpaka udhaifu utajwe. Yerkes na Dodson walichunguza panya waliokuwa wakijifunza kwa kupigwa shoti ya umeme, si wanamichezo. Poromoko nalo ni gumu kuthibitisha, maana mtafiti lazima apime wasiwasi wa akili na hali ya mwili kwa pamoja mchezo ukiendelea. Na mwanafunzi akisema kwamba mitupo minne ni michache mno kuthibitisha nadharia yoyote, mwongozo wa kusahihisha umpe alama hata kama mtunzi hakuliwazia hilo.