Ushuru wa Vizigeu

Katika fani zote za takwimu, hakuna sanaa ninayoistahi kama ile ya kuvipunguza vizigeu kwa makusudi. Maana mwenye kuishika hukubali kuliacha jibu linaloafikiana mno na hesabu alizo nazo mkononi, apate jibu jingine lenye kukosea kidogo zaidi hapa, lakini lenye kuaminika zaidi kwa hesabu asizopata kuziona. Njia ya miraba midogo, aliyoichapisha Legendre mwaka 1805, haijui ukarimu wa namna hiyo. Hiyo hutafuta uzito wa kila kipimo, ambao ndio kizigeu chake, hata jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kuliko zote ziwezekanazo, wala haiulizi vizigeu vimefikia ukubwa gani ili kuipata tija hiyo.

Na tuchukue wagonjwa 442 wa kisukari, ambao habari zao Efron, Hastie, Johnstone na Tibshirani walizitumia katika makala yao ya mwaka 2004. Kila mgonjwa ana mambo kumi yaliyoandikwa: umri, jinsia, uwiano wa uzito na urefu, shinikizo la damu, na vipimo sita vya damu, kisha, baada ya mwaka mmoja, kuna tarakimu inayoonyesha ugonjwa ulivyoendelea. Vipimo vyote vikishasawazishwa viwe na ukubwa mmoja, regresheni ya kawaida huipa lehemu yote kizigeu cha −792, lehemu mbaya +477, na lehemu nzuri +101. Tabibu yeyote akiyasoma hayo atashangaa, kwa kuwa yanadai kwamba mwenye lehemu nyingi ugonjwa wake huenda polepole, na kwamba ile lehemu iitwayo nzuri ndiyo inayouharakisha.

Sababu yake si fumbo. Lehemu mbaya na lehemu nzuri zote zimo ndani ya lehemu yote, na kwa wagonjwa hawa uhusiano wa lehemu yote na lehemu mbaya unakaribia 0.9, hata ukiongeza kizigeu cha moja na kukishusha cha nyingine kwa kadiri ileile, utabiri wa mwisho hautikisiki sana. Basi hesabu zenyewe hazina nguvu ya kuamua baina ya maelfu ya majibu yanayokaribiana, na njia ya miraba midogo, kwa kufuata faida ndogo mno ambayo pengine ni bahati ya wagonjwa hawa tu, huchagua jibu lililo mbali. Dalili yake hudhihirika upesi: wagawe wagonjwa nusu kwa nusu, ukadirie mara mbili, na vizigeu hivi viwili vitayumba sana, ilhali kile cha uwiano wa uzito na urefu kitatulia zaidi.

Hapo ndipo linapoingia neno la adhabu, ambalo mimi hupenda kulifikiri kama ushuru: kila kizigeu kinachotaka kuondoka kwenye sifuri hakina budi kulipia safari yake, na malipo hayo hujumlishwa na makosa ya utabiri, ndipo vitafutwe vizigeu vinavyoifanya jumla hiyo nzima iwe ndogo kuliko zote. Hoerl na Kennard, katika makala zao za mwaka 1970 zilizoitambulisha riji, walitoza mraba wa kizigeu. Tibshirani, katika makala yake ya laso ya mwaka 1996, alitoza ukubwa wenyewe bila kuangalia alama.

```
riji:  Σ(y − ŷ)² + λ·Σβ²
laso:  Σ(y − ŷ)² + λ·Σ|β|
```

Tuzirudie lehemu zetu mbili. Vizigeu −792 na +477 vikijumlishwa hutoa −315, na kwa kuwa vipimo hivi viwili hupanda na kushuka karibu pamoja, ni hiyo −315 inayofanya sehemu kubwa ya kazi yao. Kwa riji, jibu la awali linatozwa mraba wa 792 na mraba wa 477, yaani kama 855,000. Lakini −315 ileile ikigawanywa sawasawa, −157.5 kila upande, ushuru hushuka hadi kama 49,600. Tofauti ni zaidi ya mara 17, na kinachopotea katika utabiri ni kidogo. Na lau moja ingebeba −315 peke yake, riji ingetoza kama 99,000, mara mbili ya wanaogawana. Ndiyo maana riji huwagawia mzigo vipimo vinavyofanana, wala haimfukuzi yeyote.

Laso huona mambo kwa jicho jingine. Jibu la awali kwake ni 1,269, na likigawanywa huwa 315. Illa hata kimoja kikibeba mzigo wote na kingine kikabaki sifuri, malipo bado ni 315. Basi haijali nani abebe, na tofauti ndogo tu ya manufaa huitosha kumchagua mmoja na kumwacha mwenziwe.

Ama kuhusu sifuri yenyewe, na hili ndilo jambo lililonivutia zaidi katika ufundi huu, siri imo katika bei ya hatua ya mwisho. Mraba wa kitu kidogo ni kidogo zaidi, kwa hiyo kizigeu kinapoikaribia sifuri ushuru wa riji huwa karibu bure, na hakuna kinachokilazimisha kumaliza safari ya kurudi. Laso hutoza bei ileile kwa kila hatua, hata ya kwanza kabisa, na kipimo ambacho manufaa yake hayafikii bei hiyo hakiondoki sifuri asilani. Kwa vipimo visivyohusiana, vilivyosawazishwa kila kimoja jumla ya miraba yake iwe 1, riji yenye λ ya 1 hukata nusu: 10 huwa 5, na 0.8 huwa 0.4. Laso yenye λ ya 2 humwondolea kila mmoja 1: 10 huwa 9, na 0.8 huwa sifuri.

Katika wagonjwa wetu, laso yenye ushuru wa wastani hukiteremsha kizigeu cha lehemu yote hadi kama −53, lehemu mbaya na umri zikawekwa sifuri, na lehemu nzuri ikageuka kuwa kama −210, alama ambayo tabibu angeitarajia tangu mwanzo. Uwiano wa uzito na urefu, uliokuwa 520, unabaki 517. Yaani ushuru haukumgusa sana yule asiyekuwa na mfano wake.

Fundi makini husawazisha vipimo kwanza, kwani uzito ulioandikwa kwa gramu badala ya kilo huwa na kizigeu kidogo mara elfu, ukakwepa ushuru bila stahili. Na ile thamani ya kuanzia, isiyo ya kipimo chochote, huiacha bila kuitoza. Kiasi cha λ hakibuni kichwani: wagonjwa hugawanywa mafungu kumi ya watu kama 44, tisa yakakadiria na la kumi likapima kosa, kwa zamu, hata ionekane λ gani hutabiri vyema wasiohusika katika ukadiriaji. Na usawazishaji nao ufanywe ndani ya yale mafungu tisa pekee, ama fungu la kumi litakuwa limekwisha kuvujisha habari zake.

Waandishi wale wa 2004 walizipanua pia safu hizi kumi hadi 64, kwa kuongeza miraba na mazao ya vipimo viwiliviwili. Na kadiri safu zinavyozidi, ndivyo laso inavyostahili kusomwa kwa hadhari. Jina lililobaki si ushahidi wa sababu, na lililoondoka halijathibitishwa kuwa halina kazi, maana pengine pacha wake ndiye aliyechukua nafasi. Hata katika safu kumi, λ ikishushwa polepole, lehemu nzuri huingia mapema na alama hasi, husogea hadi sifuri, huondoka, kisha hurudi na alama chanya ushuru ukikaribia kwisha. Kwa hiyo ni heri kuchota wagonjwa upya kwa kurudiarudia, kukadiria kila mara, na kuhesabu ni mara ngapi kila kipimo kimechaguliwa, kabla ya kumwandikia tabibu orodha.