Mizani ya Sifa

Katika daftari la mwanafunzi mmoja wa Pemba, niliyemfundisha Kiingereza zamani, palikuwa na sentensi ambayo hata leo siwezi kuisahau, kwa maana makosa yake matano hayakuwa ya uvivu wala ya haraka, bali yalifuata kanuni, na kanuni yenyewe ilikuwa ya lugha aliyonyonya kwa mama yake. Alitaka kukisifu kisiwa chao, akaandika: "Pemba is more small than Unguja, but her cloves are good than the cloves of Unguja, and her hills are most greenest than all." Mwalimu aliyelipitia daftari hilo kabla yangu alipiga mistari mitano myekundu, wala hakuongeza neno. Nilipoitazama mistari ile niliona kuwa mtoto ameambiwa amekosa mara tano bila ya kuelezwa amekosa nini, na tangu siku hiyo nikaanza kuistahi kazi ya kufundisha namna Waingereza wanavyopima sifa kwa sifa, kazi ambayo wengi hudhani ni ya kukariri orodha, ilhali ni ya sikio.

Mtoto yule alikuwa akisema Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Katika lugha yetu neno la sifa halibadiliki kwa sababu ya kulinganishwa: tukisema Pemba ni ndogo, au Pemba ni ndogo kuliko Unguja, au Pemba ni ndogo kupita visiwa vyote vya jirani, "ndogo" ni ile ile, imetulia mahali pake kama jiwe la mafiga, na mzigo wote wa kulinganisha umebebwa na "kuliko", na "kupita", na "zaidi ya". Mwenye kuzoea hivyo akikutana na "than", huona ameipata "kuliko" yake, na akishaipata huamini kazi imekwisha. Ndipo huandika "good than" kwa moyo mkunjufu. Haoni kuwa kwa Mwingereza "than" ni bawabu tu, na kwamba daraja la sifa halina budi kuonekana katika neno la sifa lenyewe kabla bawabu huyo hajafungua mlango. Ajabu ni kuwa sisi watu wa pwani tunavyo vipande vya mtindo huo vinywani mwetu, tulivyovirithi kwa Kiarabu bila ya kuvitambua. "Afadhali" ni neno lililokwisha kupandishwa daraja tangu kwao, na vivyo hivyo "aghalabu" na "aula". Mwanafunzi akionyeshwa kuwa "afadhali" ina daraja ndani yake, hushangaa, kisha hulielewa jambo la Waingereza kwa nusu saa.

Sasa tuje kwenye kupima. Neno fupi la Kiingereza, lenye silabi moja, hubeba daraja lake mgongoni: "small" huwa "smaller", kisha "smallest", "green" huwa "greener", kisha "greenest". Mikia hiyo miwili ni ya kale sana, ya asili ya Kiingereza chenyewe, na maneno mengi mafupi ya kila siku, ya ukubwa na udogo, ya baridi na joto, ya upya na ukongwe, huichukua bila ya taabu. Ila katika kuandika pana jambo linalowatatiza watoto wetu, nalo ni ile herufi inayorudiwa, kwani "big" huandikwa "bigger" na "hot" huandikwa "hotter", lakini "green" haibadiliki na "cheap" huwa "cheaper" tu. Aliyezoea Kiswahili, ambamo kila irabu ina sauti moja popote ilipo, huona huo ni udhia. Si udhia hata kidogo. Irabu ya "hot" ni fupi, na konsonanti mbili zinazoifuata humwambia msomaji asiivute. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni hii: katika neno "late" mna watoto wawili, "later" na "latter", wa kwanza ana "t" moja, irabu yake ni ndefu, na maana yake ni baadaye zaidi, wa pili ana "t" mbili, irabu yake ni fupi, na maana yake ni yule wa pili kati ya wawili waliotajwa. Tofauti ya herufi moja imeleta tofauti ya sauti na tofauti ya maana, na mtoto aliyeyasikia maneno hayo mawili yakitamkwa mbele yake hasahau tena kwa nini "thin" huandikwa "thinner".

Maneno marefu hayakubali mkia. Hakuna asemaye "beautifuller" wala "expensivest", kwa sababu ulimi ungejikwaa, na badala yake daraja hutangulizwa mbele kwa "more" na "most". Mengi ya maneno hayo yaliingia Kiingereza kutoka Kifaransa na Kilatini, hasa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na kwa hiyo mtu akitazama ukurasa wa Kiingereza anaweza kuona nyayo za historia: maneno ya nyumba na shamba huvaa mkia, maneno ya baraza na chuo hutanguliwa na "more". Sidai kuwa hiyo ni sheria isiyo na tundu, kwani sikio hupima urefu wala haliulizi nasaba. "Large" ni la Kifaransa, tena huwa "larger" bila ya kinyongo.

Penye taabu ya kweli ni katikati, katika maneno ya silabi mbili, na hapa ndipo fundi hutambulikana. Yale yanayoishia kwa "y" huchukua mkia, na "y" hugeuka "i": "happy" huwa "happier", "lazy" huwa "lazier". Yanayoishia kwa sauti nyepesi, kama "narrow" na "simple", nayo hupenda mkia. Lakini yaliyokwisha kufungwa mkia mwingine, kama "useful", "careless", "famous" na "boring", hayana nafasi ya mkia wa pili, basi huitaka "more". Na mengine, kama "clever" na "quiet", huenda njia zote mbili, na mwalimu anayemkata mtoto alama kwa "more clever" humdhulumu. Wala kuhesabu silabi peke yake hakutoshi: "tired" huwa "more tired" ijapokuwa ni fupi, na "unhappy", yenye silabi tatu, huwa "unhappier", kwa kuwa imeifuata "happy" iliyomo tumboni mwake.

Nimefikia yale maneno yaliyoasi, nayo ndiyo niyapendayo kuliko yote. "Good" haina "gooder". Ina "better" na "best", ambazo si za ukoo wake kabisa, bali ni za shina jingine lililokuja kuoana nayo zamani za kale, hata Wajerumani, ndugu wa Waingereza kwa lugha, wana ndoa hiyo hiyo katika "gut", "besser" na "best". "Worse" ilikuwa mke wa "evil" kabla "bad" haijaja mjini na kumrithi; na mshairi Chaucer, katika karne ya 14, alipata kuandika "badder", neno ambalo leo mtoto akiliandika hupigwa mstari. Kwa nini maneno haya hayakunyooshwa kama mengine? Kwa sababu ni ya kila siku. Neno litumiwalo mara chache husahauliwa umbo lake la ajabu, likaingizwa katika kanuni ya wote. Neno litumiwalo asubuhi na jioni hulindwa na mazoea ya vinywa. Tusiwastaajabie Waingereza kwa hayo, maana "heri" yetu, tusemapo heri nusu shari kuliko shari kamili, imetoka katika neno la Kiarabu ambalo nalo, katika kulinganisha, haliendi kwa kipimo cha "akbar" na "afdhal", bali husimama kama lilivyo na maana yake huwa "bora zaidi".

Mwenye kulijua hili hawezi kumcheka aliyeandika "most greenest", ingawa atamsahihisha. Daraja limetajwa mara mbili, mbele na nyuma, kama mtu aliyevaa kofia juu ya kilemba. Lakini katika zama za Shakespeare jambo hilo halikuwa aibu: katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, Antonio asimamapo mbele ya maiti ya rafiki yake hutia "most" na mkia katika neno moja, na uchungu wake huzidi kwa hilo. Walioliharimisha ni wanasarufi waliokuja baadaye, mmojawapo Robert Lowth, katika kitabu chake cha mwaka 1762. Na hata baada ya kuharimishwa, Waingereza wote husema "nearer" bila ya kujua kuwa "near" hapo kale ilikuwa yenyewe ni daraja la pili la "nigh", na daraja la tatu likawa "next". Basi kila asemaye "nearer" amelinganisha mara mbili, naye husamehewa kwa kuwa ni wengi.

Limebaki lile "than all". Sisi husema "kuliko wote" na hatuoni kasoro, lakini Mwingereza huuliza: katika hao wote, huyu naye yumo? Akiwa yumo, hawezi kujizidi nafsi yake. Kwa hiyo daraja la tatu halikubali "than" kamwe; hutaka "of" kwa kundi na "in" kwa mahali, kama "the tallest of the three" na "the tallest in the class", na mbele yake hutaka "the", ambayo sisi huisahau kwa kuwa hatuna neno la namna hiyo. Anayetaka kubaki na "than" sharti ashuke daraja la pili na kumtoa mtu katika kundi lake, aseme "taller than all the other boys". Na wakiwa wawili tu, mwandishi mwangalifu haendi daraja la tatu. Husema "the taller of the two".

Nilimwita mtoto yule, nikamtaka atamke "small" na "beautiful", kisha aniambie lipi linaweza kubeba mkia. Akasikia mwenyewe. Tukaisahihisha sentensi pole pole, naye akaiandika upya: "Pemba is smaller than Unguja, but her cloves are better than the cloves of Unguja, and her hills are the greenest of all." Baadaye akaniuliza kama "more" na neno fupi haziwezi kukutana abadan, nikamjibu kuwa hukutana, pale tupimapo sifa mbili za mtu mmoja, kwani "he was more sad than angry" ni Kiingereza safi, maana yake huzuni yake ilizidi hasira yake, na hapo "sadder" ndiyo ingekuwa kosa.

Nawaomba walimu wenzangu jambo moja. Mkikuta "more small" katika daftari, kabla ya kupiga mstari mwekundu, mwambieni mtoto alitamke neno hilo kwa sauti.