Kuukata Mlima Hanang Bila Kuuvuta

Mlima Hanang, ukitazamwa kutoka Katesh au kwa mbali kutoka vilima vya Mbulu, ni mlima mpana. Kilele chake kinapita mita 3,400, lakini sura yake imo zaidi kwenye mabega marefu yanayoshuka taratibu mpaka tambarare. Simu ya kawaida ikishikwa kwa mlalo huupokea vizuri, kwa kuwa picha zake nyingi huwa na pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo, yaani uwiano wa 4 kwa 3. Taabu huanza picha hiyo inapotakiwa kuingia kwenye fremu zisizo na upana huo: Instagram yenye 4 kwa 5, stetasi ya WhatsApp yenye 9 kwa 16, na mraba ambao bado unatumika kila mahali. Lazima kitu kipungue. Anayejua kazi huchagua mwenyewe kipi kipungue, akakata. Asiyetaka kupoteza chochote huibana picha nzima iingie, na hapo ndipo mlima unapoharibika.

Uharibifu huo unapimika. Mtu akiandika upana 1080 na kimo 1350 kwenye sanduku la kubadili ukubwa, huku amefungua ile alama ya kufuli au mnyororo inayounganisha namba hizo mbili, upana wa picha yetu unagawanywa kwa 3.7 na kimo kwa 2.2 tu. Kila kitu kinatoka kimerefuka kwa theluthi mbili kuliko kinavyostahili. Bega la mlima lililokuwa na mwinamo wa digrii 25 kwenye picha linapanda mpaka kama digrii 38, na mgeni asiyewahi kufika Hanang ataamini ameona genge. Mlima unaweza kumdanganya mtazamaji, kwa sababu hana cha kulinganishia. Duara halimdanganyi. Ndiyo maana njia ya haraka ya kukagua picha yoyote ni kutafuta humo kitu cha mviringo kinachotazama kamera: gurudumu la baiskeli au mdomo wa ndoo. Kikionekana kama yai, picha imevutwa, na hakuna rangi wala mwanga utakaoifidia.

Kukata kwa kufuata uwiano hakuna hatari hiyo, ila kunadai hesabu ndogo kabla ya kugusa kitu. Tuchukue picha ya mfano: kilele cha Hanang kiko pikseli 1200 kutoka ukingo wa kushoto, na mchungaji amesimama mbele kwenye pikseli 2100, nyayo zake zikiwa pikseli 2800 kutoka juu. Kwa 4 kwa 5 tunabakiza kimo chote cha 3000, na upana unakuwa 2400. Sasa, kipande hicho kitakatwa tena na fremu nyingine, na nyingi hukata kutoka katikati bila kuuliza. Stetasi ikijazwa skrini nzima itabakiza kama pikseli 1687 za katikati kwa upana. Mraba utabakiza 2400 za katikati kwa kimo, ukila 300 juu na 300 chini. Panapokutana mabaki haya mawili ndipo penye usalama: kila kisichotakiwa kupotea kikae ndani ya 1687 kwa 2400 za katikati. Tukiiachia programu ikate kwenye katikati ya picha asili, ukingo wa stetasi utapita pikseli 44 tu kushoto kwa kilele, na bega zima la upande huo litapotea. Tukilisogeza dirisha letu kushoto, lianzie pikseli 450 na kuishia 2850, katikati yake inaangukia 1650, baina ya kilele na mchungaji, na kilele kinapata nafasi ya karibu pikseli 400 ya kupumulia. Baada ya hapo ndipo tunapunguza kutoka 2400 kwa 3000 mpaka 1080 kwa 1350, pande zote mbili zikigawanywa kwa namba ileile.

Zimebaki nyayo. Mraba unaishia pikseli 2700, kwa hiyo utamkata mchungaji juu ya vifundo vya miguu, na hakuna pa kulisogezea dirisha kwa sababu kimo chote kimeshatumika. Kosa hili haliponi mezani. Linaponea uwanjani, kwa kurudi nyuma hatua chache ili ardhi ibaki chini ya miguu na anga juu ya kilele. Anayekata picha mara kwa mara huanza kupiga akiwa ameacha nafasi hiyo, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ya ufundi huu: unarudi nyuma na kurekebisha jicho kabla ya simu kuinuliwa.

Kuna pingamizi lenye uzito, kwamba kukata nako ni kusema uongo, kwa kuwa kunaficha. Maporomoko ya tope na mawe yaliyoishukia Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80 yanalipa pingamizi hili nguvu. Jiwe lililosombwa na kupigwa picha pamoja na nyumba iliyo kando yake lina ukubwa unaoeleweka. Ukiikata nyumba, jiwe linabaki bila kipimo. Nakubali. Lakini hoja hiyo inatufundisha kukata vizuri, haitufukuzi kwenye kukata. Kitu kinachotoa kipimo kiingizwe katika eneo la usalama kama tulivyotaka kumwingiza mchungaji. Na kilichobaki ndani ya picha iliyokatwa bado kina umbo lake, hali picha iliyovutwa imelibadili jiwe na nyumba vyote viwili, na hakuna ndani yake cha kusahihishia.

Pingamizi jingine ni la mashamba ya ngano ya Basotu na la ziwa Balangida chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Huko upana ndiyo habari yenyewe, na dirisha la 4 kwa 5 linaunyang'anya uwanda upana wake. Hapa nisingekata hata kidogo. Picha nzima ipunguzwe iwe 1080 kwa 810, iwekwe katikati ya turubai ya 1080 kwa 1350, na ukanda mtupu wa 270 ubaki juu na mwingine chini. Itaonekana ndogo kwenye simu, ndiyo, ila ziwa litakuwa na upana wake.

Zipo namba za kuheshimu. Kipande kisishuke chini ya pikseli 1080 kwa upana. Ukimfuata mchungaji wa mbali mpaka ukabakiwa na 800 kwa 1000, programu italazimika kubuni pikseli zisizokuwapo ili kujaza fremu, na uso wake utalainika kama umepakwa mafuta. Pia fremu zenyewe hazitulii: Instagram ilianza mwaka 2010 na mraba peke yake, ikaruhusu wima na mlalo mwaka 2015, na mwaka 2025 ikaigeuza gridi ya wasifu kuwa 3 kwa 4. Kipande chetu cha 2400 kinapoteza hapo pikseli 75 kila upande, na kilele hakiguswi. Lakini fremu ya mlalo ya 16 kwa 9 ikihitajika, kipande hicho kitatoa kimo cha 1350 tu, wakati picha asili ingetoa 4000 kwa 2250. Kwa hiyo kila fremu mpya ikatiwe kutoka picha asili, na picha asili ihifadhiwe kwa jina lake, mbali na vipande vyake.