Ile 1 Iliyofutwa Ubaoni

Kipindi cha fizikia cha Jumamosi jioni kilikuwa kizuri mpaka dakika ile ambayo mtangazaji alichukua kifutio. Kabla ya hapo sina la kulalamika: mtungi wa oksijeni ulionekana vizuri, ujazo wa lita 40 ulisomwa kwenye shingo ya mtungi wenyewe, na nyuzi za Selsiasi ziligeuzwa kuwa Kelvini bila kusahau. Baada ya hapo hesabu iliharibika, na iliharibiwa na mtu aliyekuwa amekwisha kupewa jibu sahihi mkononi.

Mliotazama mnakumbuka. Mtungi ulianza na geji ikisoma 12 bar, jotoridi 27. Gesi ikatolewa, vali ikafungwa, geji ikasoma 4 bar, na kipimajoto kikaonyesha 17, maana gesi inayotanuka hupoa. Swali lilikuwa moja: imebaki tungamo gani ya oksijeni ndani? Yule binti wa kidato cha tano akaenda ubaoni akaandika P = 4 + 1. Mtangazaji akacheka, akasema "usituongezee ambacho geji haijasema," akafuta ile 1. Darasa zima likacheka naye. Binti akarudi kukaa.

Geji haijasema kwa sababu haiwezi kusema. Ndani ya geji ya kawaida mna bomba bapa lililopindwa, lile ambalo Mfaransa Bourdon alilisajili mwaka 1849, na hadi leo halijabadilika sana. Gesi ya mtungi inasukuma kutoka ndani ya bomba, hewa ya chumbani inasukuma kutoka nje, na mshale unafuata tofauti ya hizo mbili. Kwa hiyo 4 bar maana yake ni kwamba ndani kuna 4 zaidi ya nje. Molekuli za mtungini hazijui habari za nje. Mlinganyo wa gesi unataka kanieneo lote zinalolitoa, yaani la geji pamoja na la angahewa, na pwani hilo la pili ni 1.013 bar. Binti alikosea desimali tu, na kwa ubao wa televisheni ningemsamehe.

Tufanye hesabu yake basi, kwa kuwa hakuruhusiwa kuimaliza.

```
m = PVM / RT
P = 5.013 × 10^5 Pa    V = 0.040 m^3
M = 0.032 kg/mol       T = 290 K
R = 8.314 J/(mol K)
m = 0.266 kg
```

Gramu 266. Mtangazaji, kwa 4 zake tupu, alipata 212. Gramu 54 zimefutwa pamoja na ile 1, yaani moja ya tano ya kilichomo mtungini. Kama alitaka njia ya kujikagua bila kurudi kwenye kitabu, ilikuwepo: weka sifuri mahali pa kusoma geji. Kanuni yake itasema mtungi hauna kitu kabisa. Lakini mtungi ulioachwa wazi hadi geji ikafika sifuri haujawa ombwe; umejaa gesi ya kanieneo sawa na la chumbani. Mwalimu yeyote wa zamani angeanza na swali hilo la sifuri kabla ya kugusa chaki. Siku hizi tunaanza na kikokotoo.

Kinachonikera zaidi ni jinsi alivyojithibitisha. Alitafuta gesi iliyotoka, akapata gramu 403, kisha akaonyesha kwamba mizani nayo imepungua kwa karibu gramu 400. Makofi. Sasa fanyeni hesabu hiyo kwa kanieneo kamili: mwanzoni mlikuwa na gramu 668, mwishoni 266, zilizotoka ni 402. Tofauti haifiki gramu 2. Mizani ile haikuwa inathibitisha njia yake hata kidogo, kwa sababu angahewa huongezwa mwanzoni na mwishoni, na ukitoa moja kutoka nyingine inajifuta karibu yote. Kinachobaki ni kile kidogo kinachotokana na jotoridi kubadilika. Kwa hiyo kosa la kusahau angahewa hujificha kabisa katika swali la gesi iliyotoka, na huanika meno katika swali la gesi iliyobaki. Yeye alijibu swali la pili akajipima kwa swali la kwanza.

Nimeshasikia utetezi: gramu 54 zile hazitumiki, kwani gesi huacha kutoka yenyewe ndani ikilingana na nje, hivyo 212 ndiyo oksijeni ya kweli ya fundi wa kuchomelea. Ni utetezi wenye akili kuliko hesabu iliyofanywa. Kwa jotoridi lisilobadilika, kusoma kwa geji hutoa hasa tungamo inayoweza kutoka yenyewe. Lakini swali liliandikwa kwa herufi kubwa ubaoni, na liliuliza iliyobaki. Aliyetaka inayotumika angeuliza inayotumika.

Na hiyo 1.013 nayo si ya kila mahali. Arusha, juu karibu mita 1,400, angahewa ni kama 0.86 bar tu, na geji ileile ikisoma 4 kwa nyuzi 17 ingemaanisha gramu 258 badala ya 266. Nimelisema hili miaka mingi na wanaotunga mitihani wanaendelea kuandika angahewa moja kwa nchi nzima, kana kwamba wote tunaishi Kigamboni.

Jotoridi lilisomwa vema. Ningependa tu wangesubiri: mtungi ukirudi nyuzi 27 bila vali kuguswa, geji ingepanda hadi karibu 4.2, na watoto wangeona kwa macho kwamba mshale umepanda na tungamo haijaongezeka.

Halafu kuna yule mgeni aliyedokeza kwamba njia hii itawasaidia akina mama kujua gesi ya kupikia imebaki kiasi gani. Haitawasaidia. Mtungi wa jikoni una kimiminika ndani, na maadamu kipo, kanieneo hufuata jotoridi, si kiasi. Geji zenye rangi ya kijani na nyekundu zinazouzwa madukani zitakaa kijani hadi karibu mwisho. Mtungi huo unapimwa kwa mizani, ukitoa uzito mtupu uliogongwa kwenye chuma.

Regnault, kule Paris miaka ya 1840, alipopima gesi hakuamini chombo kimoja kimsemee. Tufe lake la kioo lilizama kwenye barafu inayoyeyuka ili jotoridi lisibishaniwe, kipimahewa kilisomwa kando, na upande wa pili wa mizani alining'iniza tufe jingine lenye ujazo sawa wa nje ili hewa iliyoyainua yote mawili isimdanganye. Angahewa iliingia katika hesabu yake mara mbili, na mara zote mbili aliishughulikia. Sisi tumeshindwa kuiingiza mara moja.

Wametangaza kwamba wiki ijayo wataanza na mtungi uliojaa, 150 bar. Huko ile 1 si tatizo kubwa: ni gramu 52 katika kilo 8 na kidogo. Tatizo la huko ni kwamba oksijeni iliyobanwa kiasi hicho haitii mlinganyo wa gesi sahili. Kwa nyuzi 27 inabanika zaidi ya unavyotabiri, kama asilimia 5, na hesabu ya kawaida itatoa kilo 7.75 pale ambapo mizani itaonyesha karibu 8.2. Wakipuuza hilo wataona pengo la karibu gramu 400, na naogopa wataisingizia mizani.