Simu iliyokataa kuiona mizani

Ofisi ya chama cha ushirika cha kahawa upande wa Wamagana, Tetu, ina mpangilio utakaoukuta katika ofisi nyingi ndogo za Nyeri: ruta ya MikroTik, laini moja ya faiba, kompyuta ndogo kabatini inayohifadhi daftari la kilo, na makarani wanaoingiza kilo hizo kwa simu zao wenyewe. Ili mtu asilazimike kukariri anwani 192.168.88.10, fundi aliipa kompyuta ile jina ndani ya ruta:

```
/ip dns static add name=mizani.kiwanda.internal address=192.168.88.10
```

Jina hilo linafanya kazi kwenye kompyuta zote za mezani na karibu kila simu. Simu moja tu inalikataa. Iko kwenye Wi-Fi ileile na YouTube inafunguka bila shida, lakini ukiandika jina la mizani, kivinjari kinaleta `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`. Ukiandika `http://192.168.88.10` badala ya jina, ukurasa unafunguka papo hapo.

Dalili hizi mbili zikikutana kwenye simu moja, usiguse kompyuta ya kabatini wala usianze kuizima ruta na kuiwasha. Njia ya kufika kwenye mizani ni nzima. Kilichokwama ni kulitafsiri jina kuwa anwani. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao, utafute `Private DNS`. Hapa mwenye simu alikuwa ameandika `dns.adguard-dns.com`, jina linalosambazwa sana kati ya vijana kwa sababu linazuia matangazo na kuokoa bando. Alifanya jambo la busara kwa simu yake. Athari yake ndani ya ofisi ndiyo inayohitaji maelezo.

Kwa kawaida simu ikiingia kwenye Wi-Fi, ruta huipa anwani na kuiambia pia imwulize nani majina. Katika ofisi hii jibu ni ruta yenyewe, 192.168.88.1. Swali linatoka wazi kupitia mlango 53, na yeyote aliye katikati ya njia anaweza kulisoma au kulibadilisha. Android 9, iliyotoka mwaka 2018, ilileta kinga dhidi ya hilo: swali la jina linafungwa kwa usimbaji na kupelekwa kupitia mlango 853, utaratibu uliokwisha kuandikwa kama kiwango cha mtandao mwaka 2016. Ukiandika jina la seva kwenye `Private DNS`, unaiambia simu kwamba maswali yake yote ya majina, kwenye kila Wi-Fi na kila laini, yaende kwa seva hiyo moja, na kwamba seva yenyewe ithibitishe kwa cheti kuwa ndiyo kweli. Ruta ya ofisi haiulizwi tena, isipokuwa mara moja mwanzoni: simu inaitaka anwani ya hiyo seva ya nje ili ijue pa kwenda. Jambo hilo dogo tutalihitaji baadaye.

Sasa jina `mizani.kiwanda.internal` linasafiri hadi seva iliyo nje ya nchi au kwenye kituo cha data Nairobi. Seva ile haijawahi kulisikia. Ni sawa na kumwuliza karani wa Nairobi jina la utani ambalo mtu anaitwa Ihithe tu. Kikoa cha `.internal` kilitengwa mwaka 2024 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao, kwa matumizi ya ndani tu, kwa hiyo hakuna seva ya umma itakayokuwa nacho. Inajibu kwamba jina hilo halipo.

Watu wengi hujiuliza hapa kwa nini simu isijaribu ruta baada ya kukataliwa. Jibu liko katika maana ya NXDOMAIN. Seva ikinyamaza, hilo ni hitilafu, na simu ina sababu ya kutafuta mlango mwingine. Seva ikisema jina halipo, hilo ni jibu kamili, halali kama anwani yenyewe. Na hata kama simu ingetaka kuuliza kwingine, ingekuwa imevunja ahadi iliyompa mwenyewe: asiyeaminiwa katika mpango huu ni hasa mtandao wa karibu, yaani ruta ya hoteli, ya matatu, au ya ofisi. Simu haiwezi kujua kwamba ruta ya Wamagana ni ya watu wema.

Kuna ushahidi kwamba hali hii imekusudiwa. Ukiingia kwenye Wi-Fi ya hoteli mjini Nyeri inayotaka uandike neno la siri kwenye ukurasa wake, ukurasa huo unafunguka hata kama `Private DNS` imewekwa. Android imetengeneza njia ya pembeni kwa ukurasa wa kuingilia tu, ambako seva ya majina ya mtandao ule inaulizwa moja kwa moja. Kazi ikiisha njia inafungwa. Kivinjari chako cha kawaida hakipewi njia hiyo.

Kuhakikisha kwamba hiki ndicho chanzo hakuchukui muda. Kwenye kompyuta yoyote ya ofisini uliza jina hilo kwa seva mbili:

```
nslookup mizani.kiwanda.internal 192.168.88.1
nslookup mizani.kiwanda.internal 1.1.1.1
```

Ya kwanza italeta 192.168.88.10, ya pili itasema halipo. Kisha tazama simu yenyewe, kwa waya wa USB:

```
adb shell settings get global private_dns_mode
```

Jibu likiwa `hostname`, simu inatumia seva iliyoandikwa kwa mkono. Likiwa `opportunistic`, ni ile hali ambayo mipangilio inaiita `Automatic`. Likiwa `off`, tafuta kwingine.

Hali ya `Automatic` ndiyo inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Hapo simu inachukua seva zilizotajwa na ruta na kuzijaribu kwenye mlango 853. Isipopata jibu la siri, inarudi mlango 53 kama zamani. Ruta ya MikroTik haitoi huduma kwenye mlango 853, kwa hiyo simu inaiuliza wazi na jina la mizani linapatikana. Lakini mafundi wengi wana mazoea ya kuweka 8.8.8.8 kama seva ya pili, ya akiba, ili ruta ikilegea majina yaendelee kupatikana. Seva hiyo ya Google inajibu mlango 853 vizuri kabisa. Simu ikiwa na seva mbili, moja ya siri na nyingine ya wazi, inashika ile ya siri. Matokeo yake majina ya ofisi yanapotea kwenye simu ambayo hakuna aliyegusa mipangilio yake, ilhali kompyuta za mezani hazina neno. Ukikuta simu nyingi zimeathirika kwa pamoja, anza kushuku hapa. Dawa ni ruta itaje anwani yake peke yake:

```
/ip dhcp-server network set [find] dns-server=192.168.88.1
```

Kisha zima Wi-Fi ya simu na uiwashe, ili ipokee maelezo mapya na isahau majibu ya zamani, kwa maana hata lile jibu la "halipo" huhifadhiwa kwa muda.

Kwa simu yenye jina lililoandikwa kwa mkono, kuna hila mbili ambazo mafundi hukimbilia na hazifui dafu. Ya kwanza ni kuelekeza maswali yote ya mlango 53 yarudi kwenye ruta, hata yakitumwa kwa seva ya nje. Hila hiyo inafanya kazi vizuri kwa vifaa vya zamani, lakini maswali ya simu hii hayapiti mlango 53. Ukijaribu kugeuza 853 vilevile, ruta haina cheti cha seva inayotafutwa, na simu inakata mazungumzo. Hila ya pili ni kuuziba mlango 853 kwa matumaini kwamba simu itarudi kwenye njia ya wazi. Hairudi. Katika hali hii simu imeagizwa ama ipate seva yake ama isipate chochote, kwa hiyo inatoa onyo `Private DNS server cannot be accessed` na majina yote yanakatika, ya ofisi na ya dunia nzima. Ulikuwa na karani asiyeona mizani. Sasa una karani asiye na mtandao.

Zinazobaki ni njia za kweli, na kila moja ina gharama yake. Chama chenye kikoa chake cha `.co.ke` kinaweza kuliandika jina la mizani kwenye seva ya umma ya kikoa hicho, likielekezwa kwa 192.168.88.10. Kuanzia hapo seva yoyote duniani inalijua, na simu yenye `Private DNS` inalipata. Aliye nje ataiona anwani lakini hawezi kufika, kwa kuwa anwani za 192.168 hazisafirishwi kwenye mtandao wa umma. Tatizo ni kwamba baadhi ya seva za majina huyachuja majibu ya umma yenye anwani za ndani, kama kinga dhidi ya udanganyifu, na pia faiba ikikatika simu hiyo haiwezi kulipata jina la mashine iliyo chumba cha pili.

Njia nyingine inatumia lile swali moja la mwanzo. Ofisi inaweka seva yake ya majina inayojibu mlango 853, kwa mfano kwa Unbound, yenye cheti halali cha jina lililo chini ya kikoa cha chama. Ndani ya ofisi, ruta inalitafsiri jina la seva hiyo kuwa anwani ya ndani. Nje, seva ya umma inalitafsiri kuwa anwani ya nje. Simu inaandikwa jina moja na inapata jibu sahihi popote ilipo. Ni kazi nzuri, lakini inahitaji mashine ya nje inayowaka saa zote na cheti kinachohuishwa. Kikiisha muda wake, simu zote za wafanyakazi zinakatika mtandao siku hiyohiyo, hata wakiwa nyumbani.

Kwa ofisi ya ukubwa huu ningebaki na `Automatic`, ruta iwe seva pekee, na lile alilolitafuta karani nilifanye kwenye ruta. Tangu toleo la 7.15, RouterOS inaweza kupakua orodha ya vikoa vya matangazo na kuvizuia yenyewe, kwa amri `/ip dns adlist`. Orodha inakaa kwenye kumbukumbu ya majina ya ruta, kwa hiyo ongeza `cache-size` kabla ya kuipakua, na kwenye ruta yenye kumbukumbu finyu chagua orodha fupi. Kinga hiyo inaishia mlangoni pa ofisi: akitoka na kutumia bando lake, karani atayaona matangazo tena, mpaka airudishe mipangilio yake mwenyewe.